Fomu ya ufadhili inadai elfu thelathini: ulipe au usilipe?

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, maswali yanayoingia studio kwetu hubadilika. Wiki chache kabla yake watu wanauliza bei ya maharage na hali ya barabara ya Kakonko. Baada ya matokeo wanauliza jambo moja: "Nimetumiwa linki ya ufadhili, wanasema nilipie fomu. Je, ni ya kweli?"

Swali hilo safari hii lilitufikia kutoka upande wa Mtendeli. Binti mmoja aliyemaliza kidato cha sita alipata ujumbe kwenye kundi la WhatsApp. Ulisema serikali imetoa nafasi za ufadhili wa asilimia mia moja kwa watoto wa mikoa ya pembezoni, fomu inajazwa kwenye tovuti, ada ya maombi ni shilingi 30,000, na dirisha linafungwa baada ya saa 24. Mama yake alikuwa tayari kuuza magunia ya maharage mapema, kabla bei haijapanda, ili ipatikane hiyo elfu thelathini pamoja na nauli ya kwenda Kibondo mjini kwenye intaneti.

Kaka yake, ambaye ni bodaboda, alisema huo ni utapeli, maana ufadhili wa kweli haulipiwi. Binti akamjibu: "Mbona Bodi ya Mikopo nayo inatoza elfu thelathini, na yenyewe si matapeli?"

Wote wawili walikuwa na hoja, na hapo ndipo ugumu wa jambo hili ulipo. Nchi nyingine watu hufundishwa kanuni moja fupi: ukiombwa hela, kimbia. Hapa kwetu kanuni hiyo peke yake haitoshi, kwa sababu zipo ada za kweli ambazo mwanafunzi asipolipa anakosa nafasi. Tapeli anazijua ada hizo vizuri, na anajificha nyuma yake. Kwa hiyo katika makala hii tunauchukua ujumbe wa binti yule na kuupima hatua kwa hatua, kama tulivyofanya naye.

Kwanza tutenganishe mambo matatu

Watu wengi wanaita kila kitu "ufadhili". Lakini kuna mkopo, kuna udahili, na kuna ufadhili wenyewe. Kila kimoja kina utaratibu wake wa pesa.

Mkopo unatolewa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Mkopo unarudishwa baada ya masomo. Katika miaka ya karibuni, anayeomba kwa mara ya kwanza amekuwa akilipa ada ya maombi ya shilingi 30,000, na ada hiyo hairudishwi hata ukikosa mkopo. Maombi hayo hufanywa katikati ya mwaka, kupitia akaunti ambayo mwombaji anaifungua mwenyewe kwenye olas.heslb.go.tz.

Udahili ni kuomba nafasi chuoni. Vyuo vya hapa nchini hutoza ada ya kuomba, na kwa shahada ya kwanza tumezoea kuona 10,000 kwa kila chuo. Ukiomba vyuo vitatu, unalipa mara tatu. Hiyo nayo ni ada ya halali, lakini unalipia kuomba nafasi ya kusoma. Hulipii kupewa fedha.

Ufadhili wenyewe ni fedha usizorudisha. Mtoaji ndiye mwenye pesa na ndiye anayetafuta wa kuwapa. Mifano inayojulikana ni Chevening ya serikali ya Uingereza, Türkiye Bursları ya serikali ya Uturuki, na mpango wa Mastercard Foundation unaopitia vyuo vikuu kadhaa vya Afrika. Kwa wakimbizi kuna DAFI, mpango wa UNHCR ulioanza mwaka 1992 kwa msaada wa serikali ya Ujerumani. Yote hii haina ada ya kuomba. Hakuna "ada ya kufungua faili", hakuna "ada ya uhakiki", hakuna "ada ya kushika nafasi".

Sasa rudi kwenye ujumbe wa binti. Ulisema ni ufadhili wa asilimia mia moja, halafu ukataja ada ya mkopo. Mambo mawili tofauti yameunganishwa. Anayesoma haraka anaiona elfu thelathini, anakumbuka kwamba Bodi nayo hutoza kiasi hichohicho, na moyo unatulia. Ndiyo maana tapeli hakuandika elfu ishirini na tano. Kiasi kilichozoeleka hakimshtui mtu.

Kwa hiyo swali la kwanza si "wanadai shilingi ngapi?" Swali la kwanza ni "ninalipia nini?" Kama jibu ni "ninalipia nipewe ufadhili", simama hapo hapo. Kama jibu ni mkopo au udahili, endelea na vipimo vinavyofuata, kwa sababu hata mkopo wa kweli unaweza kuombwa kwenye tovuti ya uongo.

Anwani ya tovuti isomwe kutoka kulia

Binti alituambia, "Lakini nimeona kabisa imeandikwa heslb.go.tz." Tukamwomba atusomee anwani yote, herufi kwa herufi, bila kuruka nukta. Ilikuwa imejengwa hivi. Jina halisi la tovuti ile hatulitaji, ila tumeweka mahali pake example.com, jina ambalo duniani limetengwa kwa ajili ya mafunzo tu:

```
https://heslb.go.tz.example.com/ufadhili
```

Sisi tumezoea kusoma kuanzia kushoto. Jicho linakutana na heslb.go.tz, linaridhika, halisogei mbele. Tapeli anaitegemea tabia hiyo. Mwenye tovuti hajulikani kwa mwanzo wa anwani, anajulikana kwa mwisho wake.

Fanya hivi. Ruka ile https na mikwaju miwili ya mwanzo. Kisha tafuta mkwaju wa kwanza unaofuata. Hapo mwenye tovuti anaishia, na maneno yaliyo baada ya mkwaju huo ni majina ya kurasa za ndani tu. Sasa toka kwenye mkwaju huo urudi nyuma, kulia kwenda kushoto. Katika mfano wetu unakutana na com, kisha example. Mwenye tovuti ni example.com. Yale maneno heslb.go.tz yaliyotangulia ni pambo, kama mtu anavyoweza kuandika "Hospitali" kwenye mlango wa duka lake la soda.

Linganisha na hii:

```
https://olas.heslb.go.tz
```

Rudi nyuma kutoka kulia: tz, go, heslb. Mwenye tovuti ni heslb.go.tz. Majina yanayoishia na .go.tz hupewa taasisi za serikali ya Tanzania, na yale ya .ac.tz ni ya taasisi za elimu na utafiti. Mtu binafsi hawezi kwenda kununua .go.tz kama anavyonunua vocha. Lakini .com, .org, .net, .info na nyingine nyingi, yeyote mwenye hela kidogo anazipata kwa dakika chache, na anaweza kuweka mbele yake neno lolote.

Angalia pia nukta zilizogeuzwa kuwa vistari. Anwani yenye heslb-go-tz halafu .com si ya serikali. Ni jina moja refu lililo chini ya .com. Na anwani iliyofupishwa, ile yenye herufi chache zisizo na maana, haikuonyeshi mwenyewe kabisa. Hiyo usiibonyeze.

Kuna jambo moja linalowapotosha hata waliosoma: alama ya kufuli juu ya skrini, au herufi s katika https. Kufuli linakuambia kwamba unayoyaandika hayasomwi na mtu mwingine yakiwa njiani. Halikuambii aliyeko upande wa pili ni nani. Cheti cha kufuli kinapatikana bure, na tapeli naye anacho. Kufuli likikosekana, ondoka. Likiwepo, bado hujajua lolote kuhusu uaminifu wa mwenye tovuti.

Usifuate linki, anza kwa unayemjua

Mtu anaweza kuuliza: mbona Chevening inatumia chevening.org, na umesema .org mtu yeyote anaweza kuinunua? Ni kweli. Mwisho wa .go.tz unathibitisha jambo, lakini mwisho wa .org hauthibitishi wala haukanushi. Kwa tovuti za namna hiyo unahitaji kipimo kingine: je, kuna mtu unayemwamini tayari anayekupeleka pale?

Kwa Chevening, unaanza na tovuti ya serikali ya Uingereza, ambayo mwisho wake ni gov.uk. Humo unakuta Chevening imetajwa na njia ya kwenda kwake. Kwa Uturuki kazi ni rahisi zaidi, kwa sababu anwani yenyewe ni turkiyeburslari.gov.tr, na gov.tr ni ya serikali ya nchi hiyo. Kwa Mastercard Foundation, mwombaji hujaza fomu kwa chuo kinachoshirikiana nao. Kama ujumbe unasema ni nafasi za Makerere, nenda mak.ac.ug uone kama chuo chenyewe kimetangaza. Ufadhili wa kweli huonekana pande mbili: upande wa anayetoa pesa na upande wa chuo kitakachokupokea. Ufadhili wa uongo huonekana upande mmoja tu, upande wa ile linki uliyotumiwa.

Binti yetu tulimwambia aifunge ile linki, afungue kivinjari upya, na aandike mwenyewe kwa vidole heslb.go.tz. Akatafuta kwenye matangazo ufadhili wa asilimia mia moja kwa mikoa ya pembezoni. Haukuwepo. Alichokuta ni habari za mikopo, na za Samia Scholarship, ufadhili wa serikali ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023 kwa wanafunzi wenye ufaulu wa juu sana kidato cha sita katika masomo ya sayansi. Huo una masharti yake yaliyoandikwa, nao haukufanana na ule wa kwenye ujumbe.

Tunasisitiza "aandike mwenyewe" kwa sababu hata kutafuta kwenye Google kuna mtego wake. Majibu ya juu kabisa mara nyingine ni matangazo ya kulipiwa, na mbele yake huandikwa Sponsored au Tangazo. Aliyelipa ndiye anayekaa juu. Kuwa wa kwanza kwenye orodha si ushahidi wa ukweli.

Je, ukitumia simu ya kitochi? Kipimo hiki bado unakiweza. Mwombe mwenye simu kubwa akusomee anwani kuanzia mwisho, nukta kwa nukta. Au nenda kwa mkuu wa shule uliyosoma, au ofisi ya elimu ya wilaya, uulize swali moja: "Tangazo hili limewafikia?" Jambo kubwa la serikali kwa wahitimu wa kidato cha sita ni vigumu lifike kwenye kundi la WhatsApp likose kufika ofisi hizo.

Tovuti imezaliwa lini?

Kwa anwani za .com, .org na .net kuna kipimo kingine, nacho ni cha bure. Fungua lookup.icann.org, andika jina la tovuti, halafu tafuta neno Created. Mbele yake kuna tarehe ambayo jina hilo lilisajiliwa.

Tulipoipima tovuti ya binti, ilikuwa haijatimiza wiki tatu. Lakini kwenye ukurasa wake wa mbele kulikuwa na picha za "wahitimu wetu" na maelezo kwamba mfuko huo umesomesha vijana kwa zaidi ya miaka kumi. Mtoto wa wiki tatu hawezi kuwa na wajukuu.

Tarehe, hata hivyo, isikubebe moja kwa moja. Tovuti mpya inaweza kuwa ya mtu mwaminifu aliyeanza juzi. Na tovuti ya zamani inaweza kuwa imenunuliwa au imeingiliwa na wezi. Kinachokupa jibu ni kulinganisha tarehe na maneno yao wenyewe. Wakisema wameanza mwaka huu na tovuti ni ya mwaka huu, hakuna mgongano. Wakidai miaka kumi na tovuti ina wiki tatu, wamekudanganya jambo la kwanza kabla hata hujaomba.

Fuata njia ya pesa

Kama ungekuwa na muda wa kipimo kimoja tu, tungekuambia uangalie pesa inakwenda wapi.

Malipo ya taasisi za serikali hapa nchini yanapita kwenye mfumo wa malipo wa serikali, GePG, kwa kile ambacho wengi tunakiita kontro namba. Kwenye skrini utaiona imeandikwa Control Number. Ina tarakimu 12 na kwa kawaida inaanza na 99. Unaipata ndani ya akaunti yako mwenyewe, kisha unalipa benki, kwa wakala au kwa menyu ya simu yako sehemu ya malipo ya serikali. Ndivyo unavyolipa ada ya maombi ya mkopo, na ndivyo unavyolipia pasi ya kusafiria Uhamiaji.

Ujumbe wa binti ulitoa namba ya simu ya kawaida, yenye maelezo "jina litatokea la mhasibu wetu". Hakuna mhasibu wa Bodi anayepokea ada za waombaji kwenye laini yake. Hapo ndipo kaka yake alipopiga meza na kusema, "Sasa umeona?"

Lakini tahadhari: kontro namba nayo usiipokee kutoka kwa mtu. Inawezekana kabisa mtu akakutumia namba ya kweli, yenye tarakimu zote 12, lakini ni ya deni lake yeye. Ukilipa, fedha inafika serikalini salama, ila umemlipia mwingine faini yake, na jina lako halipo popote. Kontro namba ya kuaminika ni ile uliyoitoa mwenyewe kwenye akaunti yako, uliyofungua kwenye anwani uliyoiandika mwenyewe.

Kwa malipo mengine yanayopitia simu, kabla hujaweka namba ya siri skrini huonyesha jina la anayepokea. Usilipite haraka. Kama unaambiwa ni mfuko wa kimataifa na jina linalotokea ni la mtu binafsi, futa muamala. Usije ukamchukia sana mwenye jina lile, kwa sababu matapeli hutumia pia laini zilizosajiliwa kwa vitambulisho vya watu wengine. Ndiyo maana ni vizuri wewe mwenyewe upige *106# uone kitambulisho chako cha taifa kimesajili laini ngapi.

Anayekujazia fomu si anayekupa ufadhili

Kuna fedha nyingine inayochanganya watu, nayo ni ile unayompa mwenye steshenari. Ukienda Kibondo, Kakonko au Kasulu mjini, kijana wa kompyuta atakutoza kwa kukujazia fomu, kuskani cheti na kuchapa. Hiyo ni kazi yake na ana haki ya kulipwa. Ila mkubaliane bei kabla, na ujue kwamba unamlipa yeye kwa kazi yake. Akikwambia, "Nipe na elfu hamsini ya kuwapa watu wa ndani ili jina lako lipite," ameacha kuwa mwenye steshenari.

Na kuna kosa la kimyakimya zaidi ya hilo. Kwa haraka, kijana yule anaweza kuweka namba yake ya simu na barua pepe yake kwenye akaunti yako, na nywila anaijua yeye. Ujumbe wa kusahihisha fomu utakwenda kwake, na yeye ameshasahau sura yako. Kabla hujaondoka, hakikisha namba ya simu iliyomo ni yako, na nywila umeiandika kwenye daftari lako. Kama unaweza, ibadilishe ukifika nyumbani.

Kwa walioko kambini

Wasikilizaji wetu wengi walikuwa Mtendeli kambi ilipokuwepo, kabla haijafungwa mwaka 2021 na wakazi wake kuhamishiwa Nduta. Kwao hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu njia zilizo wazi ni chache. Mkopo wa HESLB ni wa raia wa Tanzania, kwa hiyo mkimbizi akiona ujumbe unaomwalika kulipia fomu ya Bodi, tayari ana jibu.

Huduma za UNHCR na za mashirika inayofanya nayo kazi hazilipiwi. Hakuna ada ya fomu, ya mahojiano, ya kuandikishwa wala ya kuhamishiwa nchi ya tatu. Taarifa kwa walioko Tanzania zipo help.unhcr.org/tanzania. Ukiisoma anwani hiyo kutoka kwenye mkwaju kurudi nyuma, unakutana na org, kisha unhcr. Kama ujumbe unataja UNHCR lakini mwisho wa anwani ni kitu kingine, au barua pepe ya "afisa" inatoka gmail.com, uchukue uende nao kwenye dawati la shirika la elimu kambini. Mwonyeshe mtu uso kwa uso. Usimjibu aliyeutuma.

Kama umeshalipa

Wapo wanaosoma makala hii wakiwa wameshatuma. Mchezo huu huwa hauishii kwenye ada ya kwanza. Ukilipa elfu thelathini, baada ya siku mbili unaambiwa umefaulu, sasa lipia "bima ya mwanafunzi". Halafu "uhakiki wa vyeti". Halafu "viza". Kila mara kiasi kinapanda, na kila mara unajiambia kwamba ukiacha sasa utapoteza zile za mwanzo. Zile za mwanzo zimeshaondoka. Kulipa tena hakuzirudishi.

Piga 100, huduma kwa wateja wa mtandao wako, mara moja, ueleze muamala na namba uliyotumia. Kama fedha haijatolewa, wanaweza kuizuia. Ikishatolewa, nafasi ni ndogo sana, ndiyo maana dakika zina maana. Namba ya tapeli iripoti kwa kutuma ujumbe kwenda 15040. Usifute mazungumzo, kwa sababu yale ndiyo ushahidi wako polisi. Utapeli wa namna hii ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Na angalia ulichokiandika kwenye fomu yao, kwa sababu hasara si pesa tu. Kama uliweka nywila unayoitumia pia kwenye barua pepe au akaunti yako ya mkopo, ibadilishe leo. Kama uliwapa namba ya siri ya simu, ibadilishe kabla hujamaliza kusoma aya hii. Hakuna ufadhili wowote unaohitaji namba yako ya siri.

Binti aliishiaje?

Hakulipa ile elfu thelathini kwa "mhasibu". Alikwenda Kibondo kama alivyopanga, akaandika mwenyewe olas.heslb.go.tz, akafungua akaunti, akatoa kontro namba yake, na akalipa kiasi hichohicho cha shilingi 30,000, safari hii kwa ajili ya maombi ya mkopo. Mama aliuza gunia moja badala ya yote. Kama atapata mkopo, hilo ni la Bodi kuamua, na ada haimhakikishii. Lakini jina lake limo kwenye orodha ya waombaji, na risiti anayo.

Tofauti ya malipo yale mawili haikuwa kwenye kiasi. Ilikuwa kwenye nini kinalipiwa, anwani inaishia wapi, na pesa inaingia kwa nani. Ukipata linki usiyoielewa, usiibonyeze na usilipe. Ilete kwenye kipindi, tuisome pamoja hewani, kuanzia mwisho kurudi mwanzo.